Kuhakiki "Uhuru wa Watumwa" Bila Kukimbilia "Kasumba"

Asanteni kwa kunikaribisha Kisumu. Leo nimekuja na kitabu kimoja tu, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka London mwaka 1934. Nimekichagua kwa sababu ni rahisi mno kukihukumu. Mwarabu ni katili, Mwingereza ni mkombozi, mtumwa anashukuru. Mwanafunzi anaandika "kasumba ya kikoloni" na kufunga daftari. Hajakosea, ila kuhakiki hajaanza.

Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, anasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakapakiwa jahazini, hadi manowari ya Kiingereza ikawaokoa na hatimaye wakaishi Freretown, kijiji cha CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Someni mkiuliza: nani anatenda? Katika habari za kutekwa, watu hawa wana kwao na wana jamaa. Manowari ikitokea, vitendo vinahamia kwa Mwingereza, nao wanabaki kupokea.

Halafu ukombozi huo upimeni kwa tarehe. Mkataba wa 1873 kati ya Waingereza na Sultani Barghash wa Zanzibar ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini utumwa wenyewe haukuguswa. Uingereza ilianza kuitawala pwani yetu mwaka 1895, na sheria ikaacha kuutambua utumwa mwaka 1907 tu. Tena mwishoni mwa miaka ya 1880, watumwa watoro waliokimbilia misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, walipopewa hati za uhuru, fidia walilipwa mabwana zao. Hapo ndipo sifa za kitabu zinapoanza kupwaya, na mtu anaweza kuonyesha zinapwaya wapi.

Lakini msiishie hapo. Pwani, kuitwa mtoto wa mtumwa ni tusi. Mbotela anaitangaza asili hiyo kwa Kiswahili, chapani, na kuipa heshima. Kumsifu Mwingereza kulirahisisha njia kwa mchapishaji wa kimisheni. Huenda pia alizisadiki sifa hizo kwa dhati. Moja halifuti jingine.

Ninyi wa Nyanza mnalijua hili vizuri. CMS hao hao walifungua shule ya Maseno mwaka 1906. Walimu na wanafunzi wa zamani wa pale, waliokuwa Wakristo wa kweli kabisa, ndio walioongoza chama cha siasa cha Young Kavirondo Association mwaka 1921 na kulalamikia kodi na kipande. Nani atawaeleza wazee hao kwa neno moja?

Ila tahadhari, maana wajanja huangukia upande wa pili: wanamgeuza Mbotela kuwa mwasi aliyejificha nyuma ya kila sifa. Hiyo nayo ni kaulimbiu. Anayedai kuna kejeli anionyeshe sentensi yenyewe na ukurasa wake. Asipoipata, akubali kwamba sifa ile ni sifa, kisha aniambie ilimfaa nani mwaka 1934.