Presha Ipo, Maji Hayapandi: Kinachotokea Ndani ya Bomba
(Mhadhara kwa mafundi bomba na wakulima wa umwagiliaji, Ilemela, Mwanza)

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie msuguano wa maji ndani ya bomba. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu lilinigharimu pampu nzima.

Nilikuwa na shamba la nyanya upande wa Kayenze. Mnapafahamu kule: ziwa liko miguuni, mawe yako mgongoni. Pampu ya umeme niliiweka ufukweni, tanki la lita 5,000 nikalipandisha kwenye mwinuko, mita 25 juu ya maji. Kutoka pampu hadi tanki ni mita 300. Kibao cha pampu kilisema ikitoa lita 1 kwa sekunde, inasukuma kimo cha mita 38. Nikajiambia, kilima ni mita 25, pampu ina 38, imebaki chenji. Nikanunua maroli ya bomba la plastiki la milimita 32, kwa kuwa ndilo lililokuwa rahisi dukani.

Kwa hesabu yangu tanki lingejaa kwa saa moja na dakika 23. Lilichukua karibu saa mbili. Fundi akaja, akafunga koki ya juu, akaweka geji kule kule juu, ikasoma baa 2.5. (Baa ya presha, jamani, siyo ile ya jioni. Baa 1 ni sawa na maji yaliyosimama mita 10 hivi.) Akaniambia, "Mzee, presha unayo, bomba halina tatizo."

Hapo ndipo tulipopotea wote wawili. Maji yaliyosimama hayasuguani na kitu. Ukifunga koki, bomba jembamba kama mrija wa soda na bomba pana kama la mji yatasoma presha ileile kule juu. Msuguano huzaliwa maji yakianza kutembea. Kwa hiyo geji iliyosomwa koki ikiwa imefungwa inakueleza habari za kilima na pampu tu. Ya bomba haiyajui.

Tulipofungua koki na kuweka geji mbili, mambo yakawa wazi. Chini kwenye pampu ilisoma baa 4.1, yaani mita 41. Juu, pale maji yanapomwagikia tanki, karibu sifuri. Mita 41 zimepotelea njiani. Kilima kimekula 25. Zile 16 zilizobaki zimeliwa na ukuta wa bomba.

Sasa tuipige hesabu yenyewe. Ni mstari mmoja:

```
h = f × (L / D) × v² / (2 × g)
```

h ni mita za kimo zinazopotea. L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo cha ndani, vyote kwa mita. v ni kasi ya maji, g ni 9.81. Na f ni namba ya msuguano, inayotegemea ulaini wa ukuta na kasi ya maji. Kwa bomba jipya la plastiki la saizi zetu huwa kati ya 0.020 na 0.025.

Nimesema kipenyo cha ndani. Bomba la plastiki huitwa kwa kipenyo cha nje. Lile langu la 32, la daraja la PN10, ndani lina milimita 28 tu. Ukiweka 32 kwenye hesabu umejidanganya karibu nusu ya jibu.

Lita 1 kwa sekunde kupitia tundu la milimita 28 hutembea mita 1.62 kwa sekunde. Urefu 300 ukigawanya kwa 0.028 unapata 10,714. Zidisha kwa f, ambayo hapa ni 0.021, unapata 225. Kasi 1.62 mara yenyewe, gawanya kwa 19.62, unapata 0.134. Zidisha hizo mbili: mita 30.

Mita 30! Kilima chenyewe ni 25. Yaani bomba langu lilikuwa kilima cha pili, kirefu kuliko kile cha mawe. Pampu ilitakiwa kusukuma 55 na uwezo wake kwa lita 1 ni 38. Haikuungua wala haikulalamika. Ilipunguza maji, maana pampu ikitoa maji machache husukuma juu zaidi, mpaka hesabu ikakubali kwenye lita 0.7 kwa sekunde na mita 41. Kwa mtiririko huo msuguano hushuka hadi zile mita 16 tulizoziona kwenye geji.

Mimi nikafanya nini? Nikanunua pampu kubwa zaidi. Maji yakapanda kutoka 0.7 hadi 0.85, basi. Bili ya umeme ndiyo iliyopanda vizuri. Sababu iko kwenye ile v², kasi inayozidishwa kwa yenyewe. Ukitaka maji mara mbili kwenye bomba lilelile, msuguano unakuwa karibu mara nne. Kwa plastiki laini ni pungufu kidogo, kama mara tatu na nusu, kwa sababu f nayo hushuka kasi ikiongezeka.

Urefu hauna makuu: bomba mara mbili, hasara mara mbili. Kipenyo ndicho chenye maajabu. Ukilipanua bomba, maji yaleyale hutembea polepole, na sehemu kubwa zaidi ya maji inakuwa mbali na ukuta. Vikijumlishwa, hasara hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tano. Bomba la nusu ya kipenyo hupoteza mara 32.

Nikabadilisha bomba tu, nikaweka la 40, ambalo ndani lina milimita 35.2. Kwa lita ileile 1, hasara ikashuka kutoka mita 30 hadi 10. Ongeza kilima, 35. Pampu yangu ya kwanza, niliyoitoa kwa dharau, ikaiweza. Lile la 50, lenye milimita 44 ndani, lingepoteza mita 3 na nusu tu, lakini bei yake wakati ule sikuiweza, na kutoka 10 kwenda 3 na nusu nisingepata faida kubwa. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa na pesa.

Jambo moja kuhusu upande wa kufyonza, maana huko msuguano huua pampu. Pampu haivuti maji. Hewa ndiyo inayoyasukuma kuingia. Sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa yetu ina nguvu ya kuinua mita 9 hivi badala ya zile 10 za Dar es Salaam. Bomba la kufyonza likiwa jembamba, au magugu maji yakiziba chujio, utasikia pampu inalia kama inasaga kokoto. Zima haraka, ukasafishe chujio.

Mama pale nyuma kauliza: bomba la 32 ameshalilaza, mita 300, alitupe? Hapana mama. Laza jingine kama hilo sambamba nalo, uyaunganishe kwa tii pana chini na juu. Kila moja litabeba lita 0.5, na hasara itakuwa mita 9 hivi, hata chini ya lile la 40. Ila tii zenyewe zisiwe za 32, maana maji yote yanapita hapo.