Titani na Mwezi: kwa nini mmoja una hewa nzito na mwingine hauna

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Tumchukue mtu wa kilo 70, tumsimamishe kwenye mizani ya dukani. Tukimpeleka Mwezini, mizani ileile itasoma kilo 11 na nusu hivi. Tukimpeleka Titani, mwezi mkubwa kabisa wa sayari ya Zohali, itasoma chini ya kilo 10. Kwa hiyo Titani inavuta vitu kwa ulegevu kuliko hata Mwezi wetu. Mtu akisikia hivyo ataapa kwamba huko hakuna hewa.

Tarehe 14 Januari 2005 chombo kiitwacho Huygens kilishuka Titani kwa parachuti. Kilining'inia angani karibu saa mbili na nusu kabla ya kutua, maana hewa ilikuwa nzito. Kilipogusa ardhi kilipima mgandamizo wa hewa, kikakuta ni karibu mara moja na nusu ya huu wa kwetu pwani. Na kwa kuwa mvutano wa kule ni mdogo, lazima hewa iwe nyingi mno ndipo ikandamize kiasi hicho. Hapa tulipo, juu ya kila mita moja ya mraba pana tani 10 za hewa. Titani pana zaidi ya tani 100.

Kosa letu la kwanza ni kudhani mizani ndiyo inayojibu swali hili. Mizani inapima mvutano wa pale uliposimama tu. Ni sawa na kusimama chini ya mlima ukaangalia ukali wa mteremko miguuni pako: hujajua mlima wenyewe ni mrefu kiasi gani. Zohali ndiyo mfano ninaoupenda. Juu ya mawingu yake mvutano unakaribiana sana na wa Dunia, ungejisikia uko nyumbani. Ila ukitaka kutoka pale moja kwa moja bila kurudi, unahitaji kasi ya kilomita 35 kwa sekunde, wakati Dunia inadai 11 tu. Mteremko ni uleule, lakini mlima wa Zohali unaendelea mbali zaidi.

Kasi hiyo ndiyo tunayoiita kasi ya kutoroka. Hesabu yake ni fupi:

v = √(2gR)

Hapo g ni mvutano wa juu ya uso na R ni nusu kipenyo cha sayari au mwezi husika. Mwezini g ni 1.62 na R ni mita 1,737,000. Tunapata mita 2,370 kwa sekunde. Titani g ni 1.35, lakini mwili wake ni mpana, R ni mita 2,575,000. Tunapata mita 2,640. Kumbe Titani imeupita Mwezi, japo mizani ilisema vingine.

Lakini naona kuna mtu pale nyuma anatikisa kichwa, na ana haki. Tofauti ya mita 270 haiwezi kugawa tani 100 za hewa na patupu. Kuna kitu kingine.

Nani hapa amekaanga bisi kwenye sufuria isiyo na kifuniko? Punje nyingi zinarukaruka humohumo ndani. Moja moja, iliyopata msukumo mkubwa, inavuka ukingo na kuangukia sakafuni. Urefu wa ukingo ndio kasi ya kutoroka, na moto ndio joto la hewa. Molekuli za hewa haziendi kwa mwendo mmoja; nyingi zina mwendo wa wastani, chache ni za polepole, na chache sana zina kasi ya ajabu. Hizo chache ndizo zinazotoroka. Zikishaondoka, migongano inazalisha nyingine za kasi hiyohiyo, na sufuria hii imekuwa jikoni miaka bilioni 4 na nusu. Ndiyo maana haitoshi ukingo uzidi mwendo wa wastani mara mbili au tatu. Kanuni ya kukadiria wanayoitumia wanaastronomia ni kwamba ukizidi mara 6 hivi, gesi hiyo itadumu umri wote wa mfumo wa Jua.

Kumbuka pia kwamba punje iliyo chini ya sufuria haitoki hata ikiwa na kasi, kwa sababu itagonga wenzake. Kutoroka kunafanyika juu kabisa, mahali hewa ilipokonda kiasi kwamba molekuli ikianza safari haikutani na kitu. Kwa hiyo joto tunalolitaka ni la kule juu, na kule Jua linachoma hasa. Kwa Dunia ni nyuzi 700 za Selsiasi kwa kawaida. (Wenzetu wa Malindi wana haki ya kujivuna kidogo hapa: mwaka 1967 setilaiti ya Waitaliano ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikapime wembamba wa hewa hiyo ya juu hapa ikweta.)

Sasa tuupe Mwezi hewa ya naitrojeni, tuone. Uko umbali uleule na Dunia kutoka kwenye Jua, basi tuseme hewa yake ya juu ingepata nyuzi 700 hizohizo. Molekuli ya naitrojeni katika joto hilo inakwenda mita 940 kwa sekunde. Gawa 2,370 kwa 940: mara 2 na nusu. Ukingo ni mfupi mno, hewa ingemwagika.

Titani iko mbali na Jua mara tisa na nusu zaidi yetu. Hewa yake ya juu ni baridi, nyuzi 120 hivi chini ya sifuri, na naitrojeni inakwenda mita 365 tu. Tuwe waangalifu: hewa hiyo imevimba zaidi ya kilomita 1,400 kwenda juu, na huko kasi ya kutoroka imeshuka hadi mita 2,100. Gawa: karibu 6. Imenusurika, lakini kwa chupuchupu. Ukiihamisha Titani ije kuzunguka Dunia, itaanza kuvuja.

Hata Dunia yetu inavuja. Haidrojeni ni nyepesi, na kule juu mwendo wake wa wastani unafika karibu nusu ya kasi ya kutoroka, basi tunapoteza kama kilo 3 kila sekunde. Oksijeni ina uzito mara 16 zaidi, haisumbuki.

Msiibebe kanuni hii kila mahali. Mirihi, kwa hesabu ya joto peke yake, ingepaswa kuishika hewa yake ya kabonidayoksaidi bila shida. Lakini chombo cha MAVEN kilipima aina mbili za agoni kule, ile nyepesi na ile nzito, na mwaka 2017 watafiti wakaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya agoni iliyowahi kuwepo imepotelea angani. Agoni haiungani na kitu wala haimezwi na mawe. Iliyoiondoa ni chembe zenye chaji zilizosukumwa na upepo wa Jua, zikaigonga na kuirusha nje kama gololi. Hapo moto wa sufuria hauhusiki. Kuna mkono umeingia ndani.

Swali? Ndiyo, dada.

Anauliza: Ganimedi, mwezi wa sayari ya Mshtarii, ni kubwa kuliko Titani, na kasi yake ya kutoroka ni kubwa zaidi, mbona haina hewa ya maana? Swali zuri sana, dada yangu. Ganimedi hupokea mwanga wa Jua mara tatu zaidi ya Titani, lakini hilo halitoshi. Inadhaniwa naitrojeni ya Titani ilitokana na amonia iliyoganda ndani yake tangu ilipoumbwa, na kwamba Mshtarii mchanga ulikuwa wa moto mno kuruhusu barafu ya namna hiyo ikusanyike jirani. Sufuria ya Ganimedi ina ukingo wa kutosha, dada. Huenda hakuna aliyewahi kuitia bisi.