Ziwa Kivu kwa sentensi moja, kwa aya moja, kwa ukurasa mmoja

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Goma

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunajifunza kufupisha kitabu kigumu, na tunashika sura moja tu, ile ya kurasa 38 kuhusu maji na gesi za Ziwa Kivu. Nimeichagua kwa sababu wote humu mmeoga ziwa hilo na mmekula sambaza wake, kwa hiyo ugumu utakaotukuta ni wa kitabu chenyewe, maana ziwa mnalijua.

Nimepitia kaye zenu zote. Pale nilipoomba sentensi moja, wengi wameandika: "Sura hii inazungumzia gesi zilizo ndani ya Ziwa Kivu." Hapo umeandika tena kichwa cha sura, kwa maneno mengi zaidi. Asiyekisoma kitabu bado hajui sura inasema nini juu ya hizo gesi. Wengine wamesogea mbele: "Ziwa Kivu ni hatari kwa sababu lina gesi nyingi chini." Hii inadai jambo, na ndiyo sababu tunaweza kuipima.

Tuipime kwa siku mnayosimuliwa nyumbani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu ikaingia ziwani. Kama wingi wa gesi peke yake ungekuwa hatari, ziwa lingelipuka siku ile. Halikulipuka. Basi kuna kitu kinazishikilia zile gesi, na sentensi yako imekiacha nje. Rudi kwenye sura, na safari hii usitafute maneno yaliyokolezwa wino. Tafuta kinachozuia. Utakuta viwili: maji ya chini ni mazito kuliko ya juu, kwa hiyo hayapandi, na uzito wa maji yaliyo juu yake unaibana gesi ibaki imeyeyuka, kama soda ambayo kizibo chake hakijafunguliwa.

Sasa tuandike, pole pole:

"Gesi ya Ziwa Kivu inabaki chini kwa sababu imeyeyuka katika maji mazito yasiyopanda, na itatoka kwa nguvu pale tu shinikizo lake litakapofikia shinikizo la maji yanayoibana, ama kwa gesi kuongezeka, ama kwa maji ya chini kusukumwa juu."

Ni ndefu, najua. Lakini angalieni neno "pale tu". Ukiliondoa, umerudi kwenye kuwatisha watu. Katika sura ngumu, masharti ndiyo yanayoanguka kwanza mtu anapofupisha, kwa sababu ni maneno madogo. Mimi nina desturi ya kuyazungushia kalamu ya risasi kabla sijaandika lolote: kama, isipokuwa, takriban, mpaka.

Aya inatoka ndani ya sentensi hiyo. Kila kipande cha sentensi kinadai sentensi yake: gesi gani, maji mazito kwa nini, shinikizo kiasi gani, nini kinaweza kulivuruga. Tuliiandika hivi na kundi la jana:

"Chini ya Ziwa Kivu kuna takriban kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za metani, zikipimwa kama gesi iliyo huru juu ya ardhi. Maji yanayozibeba yana chumvi nyingi kutoka chemchemi za chini ya ziwa, na chumvi hiyo pamoja na dioksidi ya kaboni inayafanya kuwa mazito. Kwa hiyo upepo na majira ya kiangazi huchanganya maji ya juu tu, kama mita 60, ambamo samaki hupata oksijeni. Kila mita 10 za kina huongeza karibu shinikizo moja la hewa, nayo gesi haijafikia kiasi cha kulishinda. Ingelifikia kwa kuongezeka, au kama tukio kubwa lingeyainua maji ya chini mahali ambapo shinikizo ni dogo."

Sentensi tano, namba nne. Ile sentensi ya kwanza haikuwa na namba hata moja, na haikuzihitaji. Namba iingie pale msomaji anapohitaji kujua ukubwa wa jambo. Ikiingia kwa sababu tu imechapishwa kitabuni, inamchosha.

Mwenzenu mmoja ameweka mazuku ndani ya aya yake. Naelewa. Sote tunajua hewa hiyo mbaya inavyotulia mabondeni na kuua mbuzi, nayo pia ni dioksidi ya kaboni. Lakini mazuku inatoka kwenye nyufa za ardhi, haitoki ziwani, na sura haikuitaja. Jambo unalolijua kwa kuishi hapa linajipenyeza kwa urahisi ndani ya muhtasari, na msomaji atadhani kitabu ndicho kilisema.

Ukurasa ndio unaowashinda wengi. Mnafuata mpangilio wa kitabu: miamba kwanza, halafu historia ya vipimo, halafu kemia, mpaka ukurasa unakwisha kabla hamjafika kwenye shinikizo. Ukurasa ufuate aya yenu, na nafasi kubwa ipewe pale ambapo msomaji angeuliza, "Lakini inawezekanaje?" Katika sura hii mahali hapo pako mawili. La kwanza: kuanzia kama mita 90 kwenda chini, maji yanazidi kuwa na joto, na maji ya joto hupanda, mbona haya hayapandi? Kwa sababu chumvi na gesi ya kaboni zinayaongezea uzito kuliko joto linavyoyapunguzia. Hilo lipewe aya nzima. Ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu wapatao 1,700 tarehe 21 Agosti 1986, lipewe mistari mitatu: linaonyesha kuwa ziwa linaweza kutoa gesi ghafla, lakini gesi yake ilikuwa karibu yote dioksidi ya kaboni, na ziwa lenyewe ni dogo mno kulinganisha na letu.

La pili lilitugeuzia kazi. Dioksidi ya kaboni ni nyingi mara tano kuliko metani, lakini metani huyeyuka kwa shida, kwa hiyo sehemu kubwa ya shinikizo la gesi inatokana na hiyo iliyo chache. Tulipofika hapo tulirudi juu. Aya yetu imeorodhesha gesi mbili kana kwamba uzito wake katika hatari unafuata wingi wake. Tukaiongezea: "na metani, ingawa ni chache, ndiyo inayochangia zaidi shinikizo." Ndiyo maana nawaambia sentensi na aya ziandikwe kwa kalamu ya risasi mpaka ukurasa uishe.

Dada pale nyuma ameuliza: basi ile metani wanayoivuta Karongi, upande wa Rwanda, inatupunguzia hatari? Chukua sentensi yetu. Ina "ama" mbili. Kwa ile ya kwanza, ndiyo: metani ikitolewa, shinikizo linashuka. Kwa ile ya pili, inategemea: maji yaliyovutwa yanarudishwa ziwani, na yakirudishwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kudhoofisha mpaka kati ya tabaka. Sura inalieleza hilo katika kurasa zake tatu za mwisho, na katika kaye zenu zote nimeliona mara mbili tu. Zifungueni sasa, tuone litaingia kwenye mstari gani wa ukurasa.