Kamati siyo jina la mtu: orodha ya vitu vya siku ya harusi

Haya jamani, tukae, na wale wa nyuma sogeeni huku mbele, baridi ya leo mnaijua wenyewe. Mambo ya michango na kadi siyasemi, hayo mnayajua kuliko mimi. Mimi nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikiitwa kwenye kikao cha harusi hapa Mbeya: ile karatasi mnayoandika pete, shada, kisu cha keki, alafu pembeni mnaandika "kamati ya mapambo". Kamati siyo jina la mtu! Kamati haina mfuko wala mkono, na ukiipigia simu hakuna anayepokea.

Nina harusi moja sitaisahau. Kanisa lilikuwa Uyole, ibada saa nane mchana, bibi harusi anapambwa saluni Mwanjelwa. Kwenye orodha pete zimeandikwa "mapambo". Dada yake bibi harusi alizichukua kwa sonara Alhamisi, akaziweka kwenye mkoba wake akijua mpambe wa bwana harusi atamfuata kuzichukua. Mpambe anajua matroni anazo, matroni anajua bwana harusi kazishika mwenyewe maana ndo aliyezilipia. Hakuna aliyedanganya hapo na hakuna mzembe, kila mtu alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuamini mwenzake anazo. Basi yule dada asubuhi akabadilisha mkoba, ule wa Alhamisi haukuendana na gauni, akauacha saluni juu ya kiti.

Mchungaji anasema pete, mpambe anapapasa koti, anamwangalia matroni, matroni anamwangalia dada, na dada pale pale uso ukambadilika. Mtu akatumwa na bodaboda, lakini kutoka Uyole mpaka Mwanjelwa ni ile ile barabara kuu ya malori ya Tunduma, na Jumamosi mchana mnaijua inavyojaa. Mama mzazi wa bibi harusi akasimama avue pete yake. Haitoki. Ameivaa miaka mingi, kidole kimenenepa, tukatafuta mafuta ya mgando kwenye mikoba ya kina mama, tukampaka, tukawa tunaizungusha taratibu huku kanisa zima limenyamaza na yule mama machozi yanamtoka. Ikatoka. Baba naye akavua yake. Wakavishana hizo, na pete zao wenyewe zilifika wakati wanasaini. Picha za kuvishana zote zina pete ya mama, nyembamba, imelika upande mmoja.

Sasa mtaniambia mama, sisi tuna grupu la wasapu, kila kitu kinatangazwa humo. Hata wale walikuwa na grupu! Tiki za bluu maana yake mtu kaona, siyo kwamba kakubali. Mimi nataka mtu aniambie kwa mdomo wake "nimepokea pete mbili, zipo kwangu", nataka sauti yake, na nataka awe mmoja.

Kwahiyo tuiandike hiyo pete vizuri, tuichukue kama mfano. Kitu: pete mbili kwenye kiboksi. Jina: tuseme mpambe anaitwa Tumaini, andika Tumaini, usiandike mpambe, maana wapambe wanabadilishwa wiki ya mwisho na karatasi hakuna anayeirekebisha. Anapokea lini na kwa nani: Ijumaa jioni, kwa bwana harusi, mkono kwa mkono, wanafungua kiboksi wanaziona wote wawili. Anakaa nazo wapi: mfuko wa ndani wa koti, na anaziweka akishavaa koti, siyo koti likiwa limetundikwa, kwasababu asubuhi ya harusi makoti yanapigwa pasi, yanajaribiwa, yanabadilishana watu. Na jina la pili, tuseme Atu, huyo kazi yake ni moja tu, kumwuliza Tumaini mlangoni mwa kanisa kabla maandamano hayajaanza: zipo? Tumaini azitoe azioneshe.

Kama kuna mtoto wa kubeba kimto, mtoto apewe pale pale mlangoni, na utepe ufungwe kitanzi cha kuvuta mara moja, siyo fundo, nimeona mchungaji anang'ata utepe kwa meno. Alafu mkienda kupima pete msipime asubuhi ya mwezi wa saba, hapa kwetu vidole vinasinyaa na baridi, utachukua inayokaa vizuri alafu ukishuka Kyela kwenye joto unaanza kuhangaika kuivua. Pimeni mchana, mikono ikiwa na joto.

Jambo lingine ni nani wa kumpa kitu. Bibi harusi hana mfuko. Wasindikizaji wake hawana mfuko na mikono ina maua. Mama mzazi anapokea wageni, anakumbatiwa kila dakika, ukimpa kitu atakiweka chini mahali asipopakumbuka. Ule mkoba wa dharura, wenye sindano, uzi mweupe na mweusi, pini za kufuli, leso, dawa ya kichwa, maji, apewe shangazi mmoja mtulivu, akae mwisho wa benchi karibu na njia ya katikati ili shela ikichanika aitwe bila kuruka watu. Jina lake liandikwe, na hao kina dada wa maua waoneshwe kwa kidole: yule pale.

Na mtu wa ukumbini asiende kanisani. Hili ndo linalonigombanisha na watu kila mara. Wanasema jamani ni dada yangu, lazima nione anavyofunga ndoa. Sawa, basi usichukue kazi ya ukumbi, mpe jirani, mpe mfanyakazi mwenzako. Maana barafu ikifika saa kumi na anayejua ndoo za kuwekea ziko wapi amekaa kanisani amezima simu, soda zitanywewa za moto. Na siyo barafu tu, keki nayo inafika muda huo huo, na mapambo, na dijei anatafuta ekstensheni.

Naona muda naoneshwa kule, ngoja nikimbie. Mashahidi: sheria ya ndoa ya 1971 inataka wasiopungua wawili, waandikwe majina na waambiwe mapema, siyo kuitwa kwa ishara wakati kitabu kimeshafunguliwa, na kalamu mbili zinazoandika ziwe kwa mmoja wao, zimejaribiwa. Cheti kikitoka kiende kwa mtu mmoja mwenye bahasha ngumu, kisichanganywe na zawadi. Ukumbini, kisu cha keki na kifungulio cha chupa viwe na jina moja, na huyo avilete mwenyewe kutoka nyumbani, asitegemee vya ukumbi.

Kurudi nyumbani nako hamuandiki kabisa. Sanduku la bahasha, zawadi, sufuria za kuazima, kreti za soda ambazo mmeacha hela ya dhamana, saa sita usiku kila mtu amechoka anatafuta usafiri. Bahasha wapewe wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, wapande gari moja, na funguo ya sanduku isikae na sanduku. Kreti zihesabiwe na yule yule aliyezipokea mchana, kabla wahudumu hawajaanza kuzibeba kupeleka nje.

Haya, kama kuna swali, wewe wa kitenge cha kijani ulinyoosha mkono toka nikiwa kwenye pete.