Mafundi saba: bajeti inayosogea, bajeti ya sifuri na gharama ya idara ya huduma

Ndugu wahasibu, na ninyi wakuu wa idara mliokubali kukaa na wahasibu leo, nashukuru kwa nafasi hii. Nimepewa mada pana, nami nitaibana. Sitazungumzia kiwanda wala mauzo. Nitazungumzia dawati la msaada la idara ya tehama, wale watu mnaowapigia kompyuta inapogoma. Nimelichagua kwa sababu halimuuzii mteja wa nje kitu chochote. Gharama yake hugawiwa idara nyingine, na hakuna bei ya soko inayotuambia kama tunalipa kupita kiasi. Idara ya aina hiyo ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti ya njia hizi mbili za bajeti.

Kwanza tuelewane juu ya njia zenyewe. Bajeti inayosogea huwa na miezi 12 mbele yake wakati wote. Robo mwaka ikiisha, unaiondoa, unaongeza robo mpya mwishoni, na unazipitia upya zile tatu zilizobaki kwa kutazama kilichotokea. Bajeti ya sifuri haianzi na kilichotumika mwaka jana. Mkuu wa idara anaandika shughuli zake katika vifurushi vya uamuzi. Kila kifurushi kinaeleza huduma gani itatolewa, kwa kiwango gani, kwa gharama gani, na nini kitatokea kisipopewa fedha. Kisha uongozi unavipanga vifurushi kwa umuhimu na kukata mstari pale fedha inapoishia. Njia hii aliitengeneza Peter Pyhrr akiwa kampuni ya Texas Instruments, na aliiandikia makala mwaka 1970. Jimmy Carter aliipeleka katika serikali ya jimbo la Georgia alipokuwa gavana, na mwaka 1977, akiwa rais, akaiagiza kwa serikali nzima ya Marekani. Aliyemfuata aliiondoa mwaka 1981.

Sasa twende kwenye dawati letu. Namba hizi ni zangu za kufundishia, na fedha ni ya nchi yoyote mnayoitaka. Dawati lina mafundi 6, na kila mmoja anagharimu milioni 2 kwa mwezi. Leseni za programu, seva na vipuri vinakula milioni 9 kwa mwezi, tiketi, yaani maombi ya msaada yanayoandikishwa, ziwe nyingi au chache. Jumla ni milioni 21. Fundi mmoja hufunga tiketi kama 240 kwa mwezi, kwa hiyo sita wanamudu 1,440. Zinazoingia ni 1,400. Gawanya, na utapata elfu 15 kwa tiketi moja. Shikeni namba hiyo, maana tutaizungukia mpaka mwisho.

Tuanze na bajeti inayosogea. Robo ya pili kampuni inabadilisha programu ya malipo. Watu hawaijui, wanakwama, na tiketi zinapanda hadi 1,700 kwa mwezi. Mkuu wa dawati anafanya alichofundishwa: anachukua 1,700, anaipeleka katika robo nne zinazofuata, na anaomba fundi wa saba. Ombi lina hoja, na uongozi unakubali. Gharama inakuwa milioni 23. Tazameni sasa jambo linalonisumbua. Milioni 23 ukizigawanya kwa 1,700 unapata kama elfu 13 na mia 5. Gharama imepanda, lakini gharama kwa tiketi imeshuka! Taarifa ya robo inapendeza, na hakuna anayeuliza swali.

Robo ya nne watu wamekwisha kuizoea programu. Tiketi zinarudi 1,400. Fundi wa saba bado yupo, kwa sababu ameajiriwa, ana mkataba, na robo iliyopita bajeti ilimhesabu kama mtu wa kudumu. Sasa tiketi moja inagharimu zaidi ya elfu 16. Bajeti inayosogea ilikuwa na nafasi ya kumrudisha, kwa kuwa inapitiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini hiyo haitokei yenyewe. Mkuu wa idara huja mbio kuomba tiketi zinapopanda. Zinaposhuka hakuna anayekuja kusema, "Nina fundi mmoja zaidi." Anampa kazi nyingine, na kwa kawaida ni kazi ya maana: kuandika miongozo, kupanga vifaa. Robo mbili baadaye kazi hiyo nayo imekuwa sehemu ya huduma. Katika bajeti ya mwaka, ongezeko la namna hii hupata nafasi mara moja. Hapa linapata nafasi mara nne.

Kiini cha tatizo ni kwamba tiketi hubadilika kila wiki, ilhali mafundi huongezeka kwa vidato. Huwezi kuajiri robo ya fundi. Bajeti inayosogea ilipendwa kwa gharama zinazofuata wingi wa kazi, kama malighafi. Ukiitumia kwa idara ambayo sehemu kubwa ya gharama yake ni watu na leseni, lazima uitenganishe sababu ya ongezeko kabla ya kulisogeza mbele. Katika mfano wetu, tiketi 300 za ziada zote zilitoka kwenye programu moja mpya. Zilikuwa na mwisho wake, na zilistahili fundi wa mkataba wa miezi sita, alipwe kwenye bajeti ya mradi wa programu hiyo, si ya dawati. Mfumo wa tiketi huwa na sehemu ya kuandika chanzo cha tatizo. Nimeona madawati mengi yakiijaza kwa neno "mengineyo". Mhasibu, kabla hujafungua jedwali lako, nenda kaombe sehemu hiyo ijazwe vizuri.

Tuje kwenye sifuri. Mwaka unaofuata uongozi umechoka na zile milioni 23 na unaagiza kila idara ianze upya. Mkuu wa dawati anaandika vifurushi vitatu. Cha kwanza ni kiwango cha chini kabisa: mafundi 4, milioni 17, tiketi ijibiwe ndani ya siku moja. Cha pili kinaongeza mafundi wawili na milioni 4, tiketi ijibiwe ndani ya saa mbili. Cha tatu ni yule wa saba, kwa miongozo na vifaa. Mstari unakatwa chini ya kifurushi cha kwanza. Kampuni imeokoa milioni 6 kwa mwezi.

Niseme wazi kwamba hapa sifuri imefanya jambo jema moja ambalo bajeti inayosogea haikuweza: imemtoa fundi wa saba juani. Kifurushi cha tatu kilipoandikwa peke yake, kila mtu aliona kinanunua nini. Lakini mstari haukuishia hapo. Ulichukua na cha pili.

Mafundi 4 wanafunga tiketi 960. Zinaingia 1,400. Kila mwezi 440 zinabaki nyuma. Foleni ya namna hiyo haiwezi kukua milele, na haikui. Watu wanaacha kuomba. Mmoja anamwita mwenzake wa meza ya pili anayejua kompyuta. Mwingine anasubiri. Idara ya tatu inamlipa fundi wa nje kutoka kwenye kifungu chake cha matumizi madogo. Baada ya miezi michache tiketi zinazoingia zinashuka mpaka karibu 960, sawasawa na uwezo wa dawati, na taarifa inasema mahitaji yamepungua. Hayajapungua. Tiketi hupima mahitaji yaliyopitia mlangoni, na mlango umebanwa.

Gharama imekwenda wapi? Tuseme tiketi 300 kwa mwezi ni zile zinazomsimamishia mtu kazi, na kila moja sasa inasubiri saa 5 zaidi. Hizo ni saa 1,500. Tuwe wakarimu, tuseme nusu ya muda huo watu wanapata kazi nyingine ya kufanya. Zinabaki saa 750. Mfanyakazi mmoja hufanya kama saa 160 kwa mwezi, kwa hiyo tumepoteza kazi ya watu karibu watano ili kuokoa mafundi wawili wa kifurushi cha pili. Upotevu huo hauonekani kwenye dawati. Uko kwenye mishahara ya mauzo, ya uhasibu, ya ghala, ambako tayari ulikuwa umelipwa. Hata ile gharama ya tiketi imekwenda kinyume: milioni 17 kwa tiketi 960 ni karibu elfu 17 na mia 7. Idara ya bei nafuu ndiyo yenye tiketi ghali kuliko zote, kwa sababu zile milioni 9 za leseni na seva hazikupungua hata senti.

Halafu linakuja la mwisho, ambalo mimi mwenyewe nimelishuhudia nikiwa mhasibu wa gharama. Tulifanya sifuri mwaka mmoja, tukarudi kwenye bajeti inayosogea. Robo ya kwanza nilichukua tiketi zilizoingia, nikazisogeza mbele, na hesabu ikakubali kwamba mafundi wachache wanatosha. Kosa la sifuri nililifunga mimi kwa mkono wangu. Nilikuja kulitambua pale nilipoweka kifungu cha huduma za nje cha idara zote kwenye ukurasa mmoja na kuona kinapanda tangu mwezi ule ule dawati lilipopunguzwa. Tangu siku hiyo, kila ninapoona tiketi zinashuka huku idadi ya wafanyakazi na kompyuta ikiwa ile ile, natafuta kifungu hicho kwanza.

Kwa hiyo dawati la msaada mimi ningelifanyia vipi? Ningelipeleka sifuri, ila kwa sharti moja: sehemu ya kifurushi inayosema "nini kitatokea kisipopewa fedha" isiandikwe na mkuu wa dawati. Iandikwe na kusainiwa na idara zinazohudumiwa, kwa saa za watu wao. Mkuu wa dawati akiandika, uongozi husoma kama kilio cha anayetetea nafasi yake. Mkuu wa mauzo akiandika kwamba atapoteza saa 200, hapo kuna mazungumzo. Kisha kati ya sifuri moja na nyingine ningetumia bajeti inayosogea, lakini isogeze tiketi na vipuri tu. Idadi ya mafundi isibadilike, iwe kupanda au kushuka, mpaka robo mbili mfululizo zionyeshe hivyo baada ya kuondoa tiketi za miradi.

Kuna aliyeniuliza hapa mbele, kabla hatujaanza, kama sifuri ifanywe kila mwaka. Kwa idara ya huduma, hapana. Kuandika vifurushi kwa uaminifu huchukua wiki kadhaa za watu wale wale wanaofunga tiketi, na wakilazimishwa kila mwaka hufanya mkato unaojulikana sana: wanachukua asilimia 80 ya bajeti ya mwaka jana na kuiita kiwango cha chini. Ukikuta kifurushi cha kwanza cha kila idara kina asilimia ile ile, rudisha makaratasi yote, maana hakuna aliyeanza sifuri. Fanyeni pale mfumo mkubwa unapobadilishwa au leseni kuu inapofikia mwisho, kwa sababu huo ndio wakati pekee ambapo zile milioni 9 nazo zinaweza kuguswa.