Shilingi Tano Si Rahisi: Mhadhara kwa Wanachama wa Chama

Ndugu zangu, nimelisema jambo hili katika vyama vingi na leo nitalirudia, kwa sababu bado naulizwa, "Mwalimu, kuna hisa za bei ya chini tununue?" Swali lenyewe limekosewa.

Turudi mwaka 2008. Serikali ilipouza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10, bei ilikuwa shilingi 5. Mjomba wangu alikopa kwenye sacco yake. Nilimuuliza kwa nini asinunue kampuni ya bia ya EABL, ambayo tuseme ilikuwa shilingi 150. Akanijibu, "Hiyo ni ghali. Hii ni shilingi tano, hata soda hupati!"

Sikilizeni hesabu ambayo mjomba hakuifanya. Safaricom nzima ilikuwa na hisa takriban bilioni 40. Zidisha kwa 5: shilingi bilioni 200. EABL ilikuwa na hisa kama milioni 790. Zidisha kwa 150: bilioni 118 na ushei. Kwa hiyo ile kampuni aliyoiita rahisi, soko lilikuwa linaiuza kwa bei inayozidi mara moja na nusu ya ile aliyoiita ghali.

Ninyi wanunuzi wa ploti mnalijua hili vizuri. Ekari moja inauzwa milioni 5. Jirani ameikata ekari yake ploti nane za hamsini kwa mia, kila moja laki 8. Laki 8 mfukoni ni kidogo kuliko milioni 5, lakini nane mara laki 8 ni milioni 6 na laki 4. Hakuna hapa ambaye angesema ardhi ya jirani ni rahisi. Mbona kwenye hisa tunasahau kuuliza ekari imekatwa mara ngapi?

Safaricom ingeweza kukatwa hisa milioni 400 tu, kila moja shilingi 500. Kampuni ni ileile, minara ileile, wateja walewale. Kiwango cha chini cha kuomba kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Kwa mkato huo mwingine, shilingi 10,000 zingempa mjomba hisa 20, na sehemu yake katika kampuni isingepungua hata chembe. Lakini angekimbia, kwa kuogopa tarakimu.

Ghali au rahisi tunaipima kwa kile kampuni inachozalisha. Faida ya Safaricom ya mwaka ulioishia Machi 2007, baada ya kodi, ilikuwa karibu bilioni 12. Igawe kwa hisa bilioni 40, kila hisa inapata senti 30. Unalipa shilingi 5 kupata senti 30 kwa mwaka: karibu shilingi 17 kwa kila shilingi moja ya faida. Hicho ndicho kipimo cha kulinganisha kampuni na kampuni. Hisa ya shilingi 150 inayopata shilingi 15 unailipia shilingi 10 tu kwa kila shilingi ya faida. Hiyo ndiyo rahisi kati ya hizo mbili, ikiwa faida zao zinatarajiwa kukua sawasawa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini Safaricom ilifika zaidi ya 40 mwaka 2021, mjomba alikuwa sahihi!" Hapana. Kwanza, kabla 2008 haijaisha ilikuwa imeshuka chini ya 5, na wengi wenye mikopo waliuza kwa hasara, mjomba akiwemo. Pili, ilipanda kwa sababu faida ilitoka bilioni 12 ikafika bilioni 68 katika mwaka ulioishia Machi 2021, na M-Pesa ikiwa na mchango mkubwa. Kama faida ingebaki pale pale, lile 5 lisingeivuta juu.

Mwingine atasema mwenye pesa kidogo hana budi kuangalia bei. Hapo nakubali kidogo. Kwa miaka mingi soko letu liliuza mafungu ya hisa 100, na mia za shilingi 150 ni shilingi 15,000. Hilo ni suala la mfuko wako kufika dukani. Halikuambii kilicho dukani ni cha bei nzuri.

Muda unanibana, na nilitaka kuzungumza kirefu kuhusu hisa za senti, zile za bei ya chini kabisa. Niseme hili tu: bei ikianguka kwa sababu ya madeni, idadi ya hisa nayo inaweza kubadilika. Mwaka 2017 Kenya Airways iligeuza madeni ya mabenki kuwa hisa, mabenki yakapata asilimia 38 ya kampuni, na wanahisa wadogo waliokuwepo kabla wakabaki na kipande chembamba sana. Kwa hiyo mkifungua ripoti ya mwaka, tafuteni idadi ya hisa ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kisha someni mstari wa faida kwa kila hisa, na uwekeni chini ya bei mnayoambiwa na dalali. Maswali?