Uji wa mtoto, uji wa bibi

Shikamooni wazee wangu, na ndugu zangu wote habari za asubuhi.

Mabango ya makundi ya chakula mmeyaona kliniki, kwa hiyo leo sitayarudia. Ninawaomba tuingie pamoja katika nyumba moja. Nimeitunga kutokana na nyumba nyingi za huku kwetu Kanda ya Ziwa ambazo nimezitembelea kikazi. Yumo mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8, dada yake wa miaka 13, baba yao mwenye kilo 65, na bibi wa miaka 70 mwenye kilo 50. Mama ndiye mpishi. Chungu ni kimoja: ugali, maharage au dagaa, mchicha, na uji asubuhi na jioni.

Anayekula vizuri kuliko wote humo ndani ni baba, na wala hahangaiki. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo kwake ni kama gramu 54 kwa siku. Akila ugali wa gramu 400 za unga kwa siku nzima, unga peke yake umempa zaidi ya gramu 30. Maharage na dagaa wanamalizia. Tumbo lake kubwa linamsaidia: hata chakula hafifu akikila kwa wingi, mahitaji yanatimia.

Mtoto na bibi hawana tumbo hilo. Na ajabu ni kwamba hao wawili ndio wanaopewa uji mwepesi, kwa sababu ileile, kwamba ni laini na unashuka vizuri.

Tuanze na mtoto. Mpaka miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha kabisa. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana, na mwili unadai nguvu kuliko maziwa yanavyoweza kutoa. Katika umri wa miezi 9 hadi 11, mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza. Sasa angalieni kikombe chake. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba takriban mililita 240 kwa mlo mmoja. Mama anachukua kijiko kimoja cha unga, kama gramu 10, anakoroga kwenye kikombe cha maji cha mililita 200. Kikombe hicho kina kilokalori 36 hivi. Akimpa mara tatu kwa siku, mtoto amepata kama 110. Ameshiba, tumbo limejaa maji, amelala. Mama anasema mwanangu anakula vizuri, naye hasemi uongo: anakula vizuri kitu ambacho karibu chote ni maji.

Kwa nini mama asiongeze tu unga? Ameshajaribu. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, uji unakuwa mzito kama ugali, mtoto anautema. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye maji. Zipo njia mbili nzuri za kutoka hapo.

Ya kwanza ni kuweka unga mara mbili, gramu 20 kwenye kikombe kilekile, kisha kukorogea kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Kikombe sasa kina kama kilokalori 160, na vikombe viwili kwa siku vimefikisha lengo. Karanga zinaleta mafuta, na mafuta yanaulainisha uji huku yakiongeza nguvu. Uji ukiwa sawa, ukiinamisha kijiko unabaki kidogo kabla ya kudondoka. Ukichuruzika kama chai, bado.

Ya pili ni kimea, ambacho bibi zetu walikijua kwa matumizi mengine. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikifanyia kazi kwa ajili ya watoto. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, kisha usage. Pika uji mzito sana, uepue, usubiri upoe kiasi cha kulika, halafu koroga kijiko kimoja cha unga wa kimea. Kwa dakika chache utauona uji unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji. Kimeng'enya kilicho kwenye mbegu iliyochipua kinakatakata wanga. Ukikitia kwenye uji unaochemka kinakufa, hakuna kitakachotokea, na wengi wanaosema kimea hakifanyi kazi wamekosea hapo tu. Ukishalegea, urudishe jikoni uchemke kidogo ili kuua vijidudu.

Hapa niseme jambo ambalo halitawapendeza wauza unga wa lishe. Ule mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga mbichi, vyote vikasagwa pamoja, mimi siupendekezi. Nafaka tano ni nafaka tu. Hazizidishi kitu cha maana kuliko nafaka moja. Soya mbichi ina kemikali zinazozuia usagaji wa protini, na uji wa dakika chache hauziondoi vya kutosha. Karanga zikikaa kwenye unga, mafuta yake huchacha, na zikiwa zilihifadhiwa kwenye unyevu zinaweza kuwa na sumukuvu ambayo kupika hakuiui. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na mwaka 2004 iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya, huko kwenye mahindi. Tumia unga wa nafaka moja, karanga uzichambue kwa mkono, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, ukaange, usage za siku chache tu.

Mtoto anayeishi kwa uji mtupu wa mahindi anapungukiwa pia na lisini, sehemu ya protini ambayo mahindi wanayo kidogo. Maharage yanayo kwa wingi, ndiyo maana viwili hivi vinaendana. Daktari Cicely Williams aliandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1933 huko Gold Coast, Ghana ya leo: walioachishwa ziwa, wakalishwa uji wa mahindi, wakavimba. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba ugonjwa ule una sababu zaidi ya upungufu wa protini peke yake. Kwenu la kushika ni hili: bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, uhesabu sekunde tatu, uachie. Vikibaki vishimo miguu yote, usisubiri siku ya kliniki. Mtoto huyo anaweza kuonekana mnene kumbe ni maji.

Dada wa miaka 13 nitampitia haraka, ingawa yeye ndiye anayekimbia kwa kasi. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa karibu na miaka 12, kama sentimita 8 kwa mwaka, wavulana wakifuata baada ya miaka miwili hivi. Njaa yake inamwongoza vizuri kwenye ugali. Njaa haimwambii kuhusu madini ya chuma. Damu yake inaongezeka pamoja na mwili, na hedhi ikianza anaipoteza kila mwezi. Madini yaliyo kwenye mchicha na maharage hufyonzwa kidogo, na chai ya rangi juu ya mlo huyapunguza tena. Chai isogezwe saa moja au mbili baada ya kula. Juu ya maharage likamuliwe limau, au afuatishe chungwa au embe. Mkiona binti anatafuna mchele mbichi, au ananunua udongo wa kula gengeni, msimgombeze. Mpelekeni akapimwe wingi wa damu, kwani hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma.

Nimebakiza muda kwa ajili ya bibi, kwa sababu habari zake ndizo hazisemwi. Tunadhani mzee anahitaji kidogo kwa kuwa halimi tena. Nguvu kweli anahitaji kidogo. Protini anahitaji zaidi kwa kila kilo kuliko mwanawe. Misuli ya mzee haiitikii protini upesi kama ya kijana. Kiasi kinachomjenga mwanawe hakiiamshi ya kwake. Ndiyo maana wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kwa bibi wa kilo 50 ni gramu 50 hadi 60. Linganisheni na baba: 54. Bibi mdogo yule, anayekula nusu ya chakula cha mwanawe, anahitaji protini ileile.

Sasa anapata ngapi? Asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate, gramu 3. Mchana ugali kidogo na mchicha, ameacha maharage kwa sababu yanamjaza gesi na dagaa kwa sababu meno hayapo: gramu 8. Jioni uji mtupu, 3. Jumla 14. Na mwili usipoletewa huchukua kwenye misuli.

Mama hana haja ya kupika chungu kingine. Chai ipikwe kwa kikombe kizima cha maziwa badala ya maji, gramu 8, na yai moja la kuchemsha, 6. Pamoja na mkate ni 17. Mchana kikombe cha maharage yaliyolowekwa usiku, maji yakamwagwa, yakapikwa mpaka yapondeke, kama gramu 15, na ugali wake 6. Jioni uji upikwe kwa kikombe cha maziwa, kama 11, na pembeni mchuzi uliokorogewa vijiko viwili vya dagaa waliokaushwa, wakasagwa unga, karibu 6. Ukijumlisha siku nzima unapata kama 55. Igawanywe hivyo kwa milo mitatu, kwani mlo mmoja mkubwa wa Jumapili hauilishi misuli ya Jumatano. Na atembee, ainuke, abebe kitu chepesi, maana protini bila kazi haijengi msuli.

Kumpima ni rahisi. Mkalishe kwenye kiti kisichoyumba, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano huku ukitazama saa, na mtu asimame karibu naye. Zikipita sekunde 15, au akashindwa kuinuka bila kushika kitu, nguvu zimepungua, apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Kabla hamjauliza: ndiyo, protini nyingi huzielemea figo zenye ugonjwa. Bibi mwenye ugonjwa wa figo ambaye hayuko kwenye usafishaji damu hesabu hii si yake, na kwa wenye kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu, figo zipimwe kwanza, kipimo cha damu cha kreatinini na cha mkojo. Majibu yakiwa mazuri, muanze na yai la asubuhi.